Xiangqi: farasi na mzinga nilikuwa nao, mfalme wake uchi kabisa, nikashindwa kumfunga. Kosa liko wapi?

#1 Mpemba_Guangzhou

Wakuu salamu. Niko Guangzhou masomoni mwaka wa pili, jioni huwa nashuka bustani karibu na hosteli kucheza na wazee chesi yao ya Kichina. Jana kuna babu mmoja kanitoa jasho. Nilibaki na farasi na mzinga tu, lakini yeye walinzi wote wawili nilishamla, mfalme wake yuko kona ya ikulu hana hata wa kumfunika. Zamu yangu. Nikapiga cheki, nikapiga cheki, nikapiga cheki, hola. Yeye akapata nafasi moja tu nikafungwa mimi.

Kilichoniuma, baada ya mchezo akarudisha kete zilivyokuwa, akanionyesha hatua mbili. MBILI. Akacheka, akawasha sigara akaondoka. Kichina changu cha kununulia mboga, sikuambulia maelezo.

Kete zilivyokaa, mimi nyekundu niko chini, herufi a mpaka i kutoka kushoto kwangu, namba 1 mpaka 10 kutoka kwangu kwenda kwake:

Mimi: mfalme e1, farasi a7, mzinga a5.
Yeye: mfalme d10, tembo c10, gari i2, askari f2.

Nikimpa nafasi hata moja gari linashuka i1 nimekwisha, maana askari wake anaziba e2. Kwa hiyo lazima kila hatua iwe cheki. Mimi nilianza farasi c8 cheki. Akashuka d9. Farasi e7 cheki, akapanda d10. Nikarudi c8, akashuka d9, nikaenda e7, akapanda. Babu akanionyesha kidole kwamba hapana, badilisha. Nikaleta mzinga a10, cheki kupitia tembo wake, nikajua leo leo. Tembo akaruka zake e8, cheki ikapotea. Cheki mbili tatu nyingine zikaniishia, gari likashuka.

Babu alifanya nini? Msiojua jaribuni kwanza kabla sijaweka jibu lake.

#2 kobe_mtulivu

Malkia wako uliupoteza saa ngapi? Ukiwa na malkia hapo ingekuwa rahisi.

#3 Mpemba_Guangzhou

@kobe_mtulivu kaka hii si chesi ya Kizungu, huku hakuna malkia, kete zinakaa kwenye makutano ya mistari siyo ndani ya vyumba. Farasi anafanana na yule lakini anafungwa mguu, na mzinga hauli mpaka uruke kete moja katikati.

#4 kobe_mtulivu

Basi mimi natazama tu, endeleeni.

#5 NgaziYaMzinga

Nimeipanga kwenye ubao. Ni farasi b9 halafu mzinga a9, mchezo umekwisha. Wachina wana jina lake kabisa, mzinga nyuma ya farasi. Hata kwenye mazungumzo ya kawaida wanalitumia, mtu akija na ushauri wakati jambo limeshaharibika wanamwambia wewe ni mzinga nyuma ya farasi.

#6 Mpemba_Guangzhou

Ndiyo hiyo hiyo aliyoonyesha babu! Sasa nieleze KWA NINI. Maana mimi niliona b9 na c8 zote ni cheki, nikachagua c8 kwa sababu farasi akiwa katikati ana nguvu zaidi, b9 naona kama nampeleka porini.

#7 shangazi_kete

Mwanangu, hapo ndipo ulipokosea, na wengi wetu tulianza hivyo hivyo. Unamwangalia farasi anagonga wapi SASA, badala ya kuangalia mfalme akishakimbia atakuwa amekaa wapi ukimlinganisha na farasi.

Chukua cheki yako ya c8. Mfalme yuko d10, hawezi kwenda e10 kwa sababu mfalme wako yuko e1 na mstari mzima wa e ni mtupu, wafalme hawaruhusiwi kutazamana uso kwa uso. Kwa hiyo anashuka d9, hana pengine. Sasa tazama, farasi c8 na mfalme d9 wamekaa mshazari, wanagusana kona. Farasi akikaa hivyo hana analomfanyia mfalme, haoni d9 wala d10 yenyewe... samahani, d10 anaiona, d8 haioni. Ukitaka kumpiga inabidi umhamishe tena, na ukimhamisha umefungua mlango mwingine.

Sasa chukua b9. Mfalme ni yule yule, mlango ni ule ule mmoja, anashuka d9. Lakini safari hii farasi yuko b9 na mfalme d9, mstari mmoja, katikati yao pengo la nukta moja tu, c9. Farasi akikaa mbali na mfalme kwa pengo moja kwenye mstari mmoja, anafunga pande zote mbili za mfalme kwa mpigo, hapa ni d10 na d8. Mfalme kasimama kwenye ujia. Kilichobaki ni mtu wa kupiga risasi kwenye ujia huo, na mzinga a9 uko nyuma ya farasi, farasi mwenyewe ndiye ngazi ya kurukia. Akienda e9 bado yuko kwenye mstari wa risasi. Imekwisha.

Kwa hiyo farasi hapo hauwi. Farasi anafunga milango, mzinga ndio unaoua.

#8 Mpemba_Guangzhou

Shangazi shikamoo. Nimeelewa kwa mara ya kwanza. Yaani nilikuwa nafikiri mzinga nyuma ya farasi ni lazima iwe wima, mbele ya ikulu, sikuwahi kuwaza inaweza kuja kwa ubavu.

#9 shangazi_kete

Marahaba. Ubavuni ndiko inakouma, maana mtu analinda mbele.

#10 DogoWaCheki

Mimi napinga kidogo. Uchezaji wa mtoa mada haukuwa mbaya hivyo, babu alibahatika tu. Baada ya farasi e7 cheki, babu angeenda e9 angekufa palepale, mzinga a5 unaingia e5, nyuma ya farasi, pengo moja e8, d9 na f9 zimefungwa na farasi. Hiyo hiyo ya shangazi lakini wima. Kwa hiyo c8 nayo ilikuwa na mtego ndani yake.

#11 NgaziYaMzinga

@DogoWaCheki panga ubao usicheze kichwani. Tembo yuko c10. Mfalme akishatoka d9 kwenda e9, jicho la tembo, ile nukta ya katikati anayopitia akiruka, pale d9 liko wazi, mzinga ukiingia e5 tembo anaruka e8. Sasa kati ya mzinga na mfalme kuna kete mbili, farasi na tembo, mzinga hauruki mbili. Na juu ya hapo huyo tembo kamfunga farasi wako mguu, d9 na f9 zimefunguka zote. Kete moja imeua kete zako mbili.

#12 DogoWaCheki

Aisee. Nilimsahau tembo. Lakini si huyo huyo tembo basi angeziba na kwenye ile ya a9?

#13 NgaziYaMzinga

Hawezi. Pengo liko c9, na tembo hafiki c9 maisha yake yote, nukta zake upande ule ni saba tu na hiyo haimo. Na ukitazama vizuri kabanwa kabisa, kwenda a8 jicho lake ni b9 limekaliwa na farasi wako, kwenda e8 jicho ni d9 limekaliwa na mfalme wake mwenyewe. Amesimama c10 anatazama bosi wake anakufa.

#14 kobe_mtulivu

Hahaha huyo tembo ni kama baadhi ya walinzi wa getini kwetu.

#15 MzeeWaSataranji

Mnampa sifa farasi na mzinga, lakini shujaa wa mchezo huu ni mfalme mwekundu pale e1 ambaye hakusogea hata hatua. Mstari wa e ukiwa mtupu, mfalme wako ni sawa na gari lililoelekezwa ikulu kwa adui. Yeye ndiye anayefunga e10 na e9. Weka askari wako mmoja tu pale e4, kete zingine zibaki zilivyo, halafu jaribu. Farasi b9 cheki, jamaa anaingia zake e10 anakunywa chai. Watu wanajifunza mizinga na mafarasi, wanasahau kwamba kabla ya kuwinda unatakiwa kufagia mstari wa katikati.

#16 shangazi_kete

Kweli kabisa mzee, lakini nirekebishe kidogo kwa heshima. Mfalme mwekundu kazi yake ilikuwa e10 tu, ile hatua ya kwanza. e9 haimhitaji, maana mzinga ukiwa a9 unaipiga rank yote ya tisa kupitia farasi, d9 na e9 zote. Kwa hiyo kama mfalme mweusi angekuwa ameshasimama d9 tangu mwanzo na farasi yuko b9, ungeweza kufunga hata mstari wa e ukiwa umejaa kete.

#17 MzeeWaSataranji

Sawa binti, nakubali nusu. Bila mfalme wangu huyo mtu hafiki d9.

#18 BandariPawn

Mimi nilijifunzia mchezo huu hukuhuku nyumbani, kambini kwa mafundi wa Kichina tulipokuwa tunajenga barabara. Kisa changu kinahusiana. Nilimweka mfalme wa foreman wangu palepale d9, farasi wangu yuko c9, mzinga a9, nikapiga meza kwa furaha nikasema kwisha habari yako. Akasogea tu d8 huku anakula mbegu za alizeti.

Farasi alikuwa AMEMGUSA mfalme. Akigusana naye kwenye mstari milango ya pembeni haifungi, mfalme akishaondoka ndipo anaona e10 na e8 kule ng'ambo. Cheki ilikuwa ya kweli lakini mfalme ana njia mbili. Tangu siku hiyo kabla ya kuleta mzinga naweka kidole kwenye lile pengo, kama kidole hakiingii sileti.

Siku nyingine nikalipata pengo, lakini kwenye pengo kuna askari wangu mwenyewe niliyempeleka kusaidia. Hapo ikawa haina hata cheki, ngazi zimekuwa mbili na farasi kafungwa mguu na ndugu yake.

#19 Mpemba_Guangzhou

@BandariPawn hiyo ya kidole naichukua, babu ataniona mshirikina.

#20 KijanaWaWuhan

Mimi naona mnazunguka. Tatizo la babu lilikuwa kukosa walinzi, basi. Mlinzi mmoja tu angekuwa e9 mambo yote haya yasingekuwepo, mstari wa e umezibwa, mfalme ana e10 ya kwenda. Huku tuna usemi, ukikosa tembo ogopa mzinga, ukikosa walinzi ogopa gari. Kwa hiyo kwa kanuni mtoa mada alitakiwa abaki na gari siyo farasi.

#21 NgaziYaMzinga

Usemi huo niliusikia tofauti, kwamba ukikosa walinzi ogopa FARASI.

#22 KijanaWaWuhan

Gari. Nimesoma huku miaka minne.

#23 NgaziYaMzinga

Na mimi nimefundishwa na Mchina wa miaka sabini. Na mantiki yake iko wazi, mlinzi ndiye anayekaa kwenye kona za ikulu, d8 na f8, na katikati e9, hizo ndizo nukta farasi anazopenda kurukia. Mlinzi akiwa e9, farasi akitua d8 analiwa. Akiwa hayupo, farasi anatua kama yuko kwao.

#24 shangazi_kete

Nimesikia zote mbili zinasemwa, msipigane. Kila mtu anataja kilichomuua yeye.

#25 DogoWaCheki

Narudi kwenye swali, mtoa mada alisema babu alimkataza kurudia c8 e7 c8 e7. Kwenye chesi ya Kizungu hiyo si ni droo? Mimi ningeng'ang'ania droo yangu.

#26 KijanaWaWuhan

Huku cheki ya kurudiarudia bila kuisha hairuhusiwi. Anayepiga ndiye anatakiwa abadilishe, akikataa anahesabiwa kashindwa yeye. Kwa hiyo babu alikuwa na haki, tena alimwonea huruma kumwonya.

#27 BandariPawn

Kambini kwetu sheria ilikuwa mara tatu, ukirudia unaambiwa kapike chai.

#28 Mpemba_Guangzhou

Na ile cheki yangu ya mzinga a10 mnaionaje? Maana ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mfalme d10, farasi wangu e7 anafunga d9, mzinga unapiga rank ya kumi kupitia tembo wa c10, e10 nayo iko kwenye risasi. Hesabu zangu zote zilikuwa sawa.

#29 shangazi_kete

Hesabu zilikuwa sawa isipokuwa ulipanda ngazi ya jirani. Ngazi ikiwa kete ya adui, na kete hiyo ina pa kwenda, si ngazi hiyo, ni mtu anayekusubiri upande ndipo aondoke. Tembo wake alikuwa na njia mbili, a8 na e8, na akachagua e8 ambayo imemfunga na farasi wako mguu juu yake. Angekuwa amebanwa kama alivyobanwa kwenye ile ya b9, mzinga wa a10 ungekuwa halali. Ndiyo uzuri wa mzinga nyuma ya farasi, ngazi ni yako mwenyewe, hakuna anayeweza kuiondoa ila kwa kuila.

Hata wale wanaosema mzinga urudi nyumbani mwisho wa mchezo ni jambo lilelile. Kete zikipungua mbele ngazi zinapungua, unaurudisha mzinga nyuma ya walinzi wako na tembo wako ili uwe na ngazi za uhakika. Mtoa mada ulikuwa huna hata mlinzi mmoja, kwa hiyo farasi ndiye alikuwa ngazi yako pekee duniani.

#30 MzeeWaSataranji

Hapo umesema kitu.

#31 kobe_mtulivu

Swali la mjinga, kwa nini mnaita gari na siyo ngome? Na farasi anafungwaje mguu jamani?

#32 BandariPawn

Ni gari kwa sababu herufi iliyoandikwa pale ni ya gari, mafundi wetu walikuwa wanaionyesha halafu wanaonyesha lori. Farasi kufungwa mguu, anapiga hatua moja mbele kwanza ndipo anakwenda mshazari, sasa kama ile hatua ya kwanza kuna mtu kasimama hawezi kutoka upande huo. Ya Kizungu anaruka juu ya vichwa vya watu, huyu hana adabu hiyo mbaya.

#33 MzeeWaSataranji

Na tembo kwa upande mwekundu huandikwa herufi ya waziri, siyo tembo, ila anatembea vilevile na hawezi kuvuka mto. Kwa hiyo ukitaka kugombana majina tutakesha.

#34 DogoWaCheki

Mtoa mada usione aibu kufungwa na babu. Kuna Hu Ronghua alichukua ubingwa wa China mwaka 1960 akiwa na miaka 15. Fikiria mabingwa wazima na ndevu zao walivyorudi nyumbani.

#35 Mpemba_Guangzhou

Hapo umenifariji au umenimaliza?

#36 NgaziYaMzinga

Nina swali nimelitoa nikiwa kwenye daladala. Babu alijua kwamba b9 ipo, si ndiyo? Maana alikuonyesha haraka haraka. Sasa hatua yake ya mwisho kabla ya hiyo zamu yako alicheza nini?

#37 Mpemba_Guangzhou

Alimleta askari f2 kutoka f3. Yaani alikuwa ananitishia i1.

#38 NgaziYaMzinga

Basi alikucheza kamari. Angeweza kumpeleka tembo a8 kwanza. Tazama tembo akiwa a8 anafanya nini, farasi wako wa a7 kafungwa mguu wa mbele kwa hiyo b9 haipo, na mzinga wako haupiti tena kwenda a9. Hatua moja imezima mpango wote. Hakufanya hivyo kwa sababu alikusoma kwamba utakwenda c8.

#39 shangazi_kete

Au hakuona, akaona mchezo ulipokwisha. Mzinga nyuma ya farasi kwa maana ile nyingine.

#40 KijanaWaWuhan

Hahaha shangazi! Lakini wazee wa bustani hawa siwaamini, huwa wanaona halafu wanakuachia uone kama utaona.

#41 DogoWaCheki

Tembo akiwa a8 bado nyekundu anaweza. Gari bado liko i2, askari tumrudishe f3 maana hakumchezesha, kwa hiyo hakuna tishio la i1, mfalme wako ana e2 ya kukimbilia. Sasa una muda wa kucheza hatua tulivu bila cheki. Farasi anarudi c6, halafu mzinga unakuja mstari wa d...

#42 NgaziYaMzinga

Halafu farasi anafikaje d8? Kutoka c6 anafika d8, sawa, mguu wake ni c7 uko wazi. Farasi d8, mfalme d10, pengo d9, mzinga d5. Ni nzuri, anafunga e10. Ila umempa jamaa hatua mbili nzima na gari mkononi. Gari linakuja mstari wa d mapema linakaa.

#43 DogoWaCheki

Au linakula mzinga.

#44 MzeeWaSataranji

Hamjamaliza, gari likiondoka i2 mfalme mwekundu anapumua, huo nao ni ushindi. Pangeni upya mhesabu taratibu.

#45 BandariPawn

Mimi nimepanga na mtoto wangu wa darasa la sita anachezea nyeusi. Amekataa kwenda a8, anasema tembo abaki c10 na gari liende i9. Sijui amewaza nini lakini rank ya tisa sasa ina gari, nikienda b9 cheki mfalme akishuka d9, mzinga a9...

#46 shangazi_kete

Mfalme hana haja ya kushuka d9, ukienda b9 gari la i9 linapita rank ya tisa linakula farasi wako. Mwambie amepatia.

#47 BandariPawn

Nimemwambia. Sasa amebadilisha, anataka gari liende i8 kisha b8. Nimemtuma akalale.

#48 Mpemba_Guangzhou

Wakuu nimerudi kutoka bustani. Leo nilipata karibu ileile, ila upande wa kulia, mfalme wake f10, farasi wangu akaingia h9 cheki, akashuka f9 mwenyewe. Nikaweka kidole g9, kikaingia. Mikono inatetemeka, nikanyanyua mzinga niupeleke i9, kumbe mzinga wangu uko mstari wa g siyo i. Nilikuwa nahesabu makutano vibaya mchezo mzima.

Babu ameniuliza kidole kilikuwa cha nini.

#49 kobe_mtulivu

Umemjibu nini?

#50 Mpemba_Guangzhou

Nimemwambia nilikuwa nafukuza nzi.